Kwa Nini Video Hupauka au Kuzama Gizani Baada ya Kugeuzwa

Mteja anapompigia simu mpiga video wa harusi kulalamika kuhusu rangi, malalamiko huwa ya aina mbili. Kuna anayesema picha imepauka: weusi umekuwa kijivu, shela imefifia, ukumbi mzima unaonekana una ukungu. Na kuna anayesema picha imezama gizani: suti ya bwana harusi ni dude jeusi lisilo na mikunjo, na nyuso za waliokaa mbali na taa hazisomeki. Mpiga video naye anabaki ameduwaa, kwa sababu klipu hiyohiyo akiifungua kwenye simu iliyoirekodi ni safi kabisa. Rangi hakuigusa. Aliingiza klipu kwenye programu ya kuhariri, akakata hapa na pale, akatoa faili jipya.

Wengi hulaumu simu, au husema faili limefinywa mno. Kufinya faili kuna madhara yake, lakini si haya. Faili likifinywa kupita kiasi utaona vimiraba kwenye sehemu za giza na kingo zilizochafuka, hasa panapokuwa na mwendo. Halitapandisha weusi au kuuzamisha kwa kiasi kilekile tangu fremu ya kwanza hadi ya mwisho. Mabadiliko yaliyo sawasawa namna hiyo yana chanzo kingine: namba za mwanga zimesomwa kwa kipimo kisicho chake.

Katika video ya kawaida ya biti 8, mwanga wa kila nukta huandikwa kwa namba kati ya 0 na 255. Kompyuta ilizoea kuzitumia namba zote: 0 ni nyeusi tii, 255 ni nyeupe pe. Televisheni ina desturi yake: nyeusi ni 16, nyeupe ni 235, na namba za chini ya hapo na za juu ya hapo huachwa kuwa akiba. Desturi ya kompyuta huitwa wigo kamili, ya televisheni huitwa wigo finyu. Zote mbili ni sahihi, na picha nzuri hutoka kwa yoyote kati yake. Shida huanza pale mwandikaji anapotumia moja na msomaji akadhani ni nyingine. Ndivyo inavyokuwa mgeni akiambiwa basi linaondoka saa 2 asubuhi, naye akaihesabu kwa saa ya kuanzia usiku wa manane: namba aliyopewa haina kosa, ila atafika stendi saa sita kabla ya wakati.

Kwa nini televisheni ilikataa kutumia namba zote? Jibu liko katika mwaka 1982, pale kamati ya kimataifa ya masuala ya redio, CCIR, ilipopitisha pendekezo namba 601 kuhusu kugeuza picha ya televisheni kuwa namba. Siku hizo picha ilitoka kwenye kamera ikiwa mawimbi ya umeme, si namba. Mawimbi hayo yalipitishwa kwenye vichujio, na kichujio kikikutana na badiliko la ghafla, tuseme herufi nyeupe juu ya ubao mweusi, umeme hupitiliza kidogo: hupanda juu ya kiwango cha nyeupe kisha hutulia, au huteremka chini ya nyeusi kisha hurudi. Kama nyeupe ingekaa kwenye 255 yenyewe, kupitiliza huko kungegonga dari na kukatwa, na kingo zingeharibika kila mara picha inapopita kwenye mtambo mwingine. Kwa hiyo wahandisi wakaacha nafasi ya kupumulia, ngazi 16 chini na 20 juu. Namba 0 na 255 zenyewe zikatengwa kwa ishara za kulinganisha muda kwenye nyaya za studio.

Miaka kumi hivi baadaye, picha mnato za kompyuta zilipata kanuni zake za JPEG. Hapo hapakuwa na mawimbi wala vichujio vya studio, basi utaratibu wa JFIF, ambao ndio mafaili mengi ya JPEG huufuata, ukatumia namba zote 256. Tangu hapo dunia ya picha ina mila mbili. Simu ya leo ni kamera ya picha mnato na kamera ya video kwa pamoja, na baadhi ya simu, zikiwemo nyingi za Android, zimerekodi video kwa wigo kamili. Kamera za video za kitaalamu, disiki za filamu na matangazo ya televisheni hubaki kwenye wigo finyu. Mhariri anayechanganya klipu ya simu na klipu ya kamera kubwa katika kazi moja ameziweka mila zote mbili mezani, mara nyingi bila kujua.

Tuifuate klipu moja hadi mwisho. Simu imerekodi jioni ukumbini kwa wigo kamili. Mikunjo ya suti nyeusi ya bwana harusi iko kwenye namba 6, 10 na 14. Shavu la shangazi aliyekaa pembeni, upande wa kivuli, ni 30. Upande unaopata taa ni 60. Ukuta ni 128. Maua yaliyodariziwa kwenye shela yanacheza kati ya 238 na 250. Programu ya kuhariri inaipokea klipu hii ikidhani ni ya wigo finyu. Inafanya kile inachopaswa kufanya kwa video ya wigo finyu: inatoa 16 kwenye kila namba, kisha inazidisha kwa 255 na kugawa kwa 219, ili 16 iwe 0 na 235 iwe 255.

Mikunjo ya suti, ikiondolewa 16, inakuwa chini ya sifuri yote mitatu. Hakuna nyeusi iliyo chini ya nyeusi, kwa hiyo yote inaandikwa 0, na suti inakuwa dude. Maua ya shela yanavuka 255 na kukatwa hapo, na shela inakuwa karatasi tupu. Shavu la shangazi linashuka kutoka 30 hadi 16, na upande wa taa kutoka 60 hadi 51. Usiidharau hiyo 30 kuwa 16. Skrini haitoi mwanga kwa uwiano ulionyooka na namba. Kwenye skrini ya kawaida ya kompyuta, nukta ya 30 hutoa mwanga unaozidi mara mbili ule wa nukta ya 16. Uso wa shangazi umepoteza zaidi ya nusu ya mwanga wake.

Ukuta, kwa upande mwingine, umetoka 128 ukaenda 130. Karibu na 113 namba hazisogei kabisa. Ndiyo maana kosa hili hupita chini ya macho ya mhariri mwenye haraka: katikati ya picha pako sawa, kontrasti imeongezeka kidogo, rangi nazo zimekolea kwa kama asilimia 14 kwa sababu namba za rangi hutanuliwa vilevile. Kwa mtazamo wa kwanza picha inapendeza. Nimesikia wahariri wakisema programu yao "inaipa video uhai". Uhai huo umelipiwa na vivuli. Na huku kwetu gharama ni kubwa zaidi, kwa sababu ngozi nyeusi iliyoko kwenye kivuli hukaa kwenye namba za chini, palepale panapoumizwa. Mtu mweupe kwenye klipu hiyohiyo angekuwa karibu na katikati, na asingeona tofauti yoyote.

Kosa la upande wa pili ni jepesi zaidi. Video ni ya wigo finyu, lakini kichezeshi au programu inaitazama kana kwamba ni ya wigo kamili, kwa hiyo haiitanui. Nyeusi inabaki 16, nyeupe inabaki 235. Nyeusi ya 16 hutoa kama nusu ya asilimia moja ya mwanga wote wa skrini, na nyeupe ya 235 hutoa takriban asilimia 83. Nusu asilimia inasikika kama si kitu, hadi uhesabu uwiano: nyeupe sasa ina mwanga mara 160 tu ya nyeusi, wakati skrini hiyohiyo ingeweza kufikia mara 1,000. Ndiko kupauka kwenyewe. Ukizima taa chumbani utauona vizuri zaidi, hasa kwenye mistari meusi ya juu na chini ya filamu, ambayo itakuwa ya kijivu huku fremu ya skrini ikiwa nyeusi.

Makosa haya mawili hayalingani kwa madhara. Video iliyopauka haijapoteza mikunjo yoyote; namba zote zipo, zimebanwa tu katikati, na zinaweza kutanuliwa tena. Video iliyozama gizani, ikishatolewa kuwa faili jipya, haina cha kurudisha. Mikunjo iliyokuwa 6, 10 na 14 sasa ni namba moja. Ukiinua vivuli utapata dude la kijivu mahali pa dude jeusi. Programu nzuri za kuhariri huzihifadhi ndani yake zile namba zilizovuka mipaka, kwa hiyo ukigundua kosa kabla ya kutoa faili bado uko salama. Mlango hufungwa siku ya kutoa.

Sasa, programu hujuaje video ni ya wigo gani? Kwa kuangalia picha haiwezi kujua. Usiku wa mbalamwezi unaweza kuwa na namba ndogo tu, na ukungu wa Lushoto unaweza kuwa hauna nyeusi yoyote. Inategemea lebo iliyoandikwa ndani ya faili. Katika video za H.264 lebo hiyo ni biti moja tu, `video_full_range_flag`: ikiwa 1 ni wigo kamili, ikiwa 0 ni wigo finyu. Na kama lebo haipo kabisa, kanuni inasema ichukuliwe kuwa wigo finyu. Sentensi hii ya mwisho ndiyo chimbuko la suti nyingi zilizopotea. Klipu ya simu ikipita kwenye programu ndogo ya kukata au kugeuza mafaili, namba zake zinaweza kubaki za wigo kamili huku lebo ikidondoka njiani. Kila programu inayofuata, kwa kutii kanuni, itaizamisha.

Kuisoma lebo si kazi. Programu ya bure ya FFmpeg huja na `ffprobe`, na amri yake ni hii:

```
ffprobe -v error -select_streams v:0 -show_entries stream=pix_fmt,color_range -of default=nw=1 harusi.mp4
```

Kwenye mstari wa `color_range` jibu likiwa `tv`, faili linadai kuwa la wigo finyu. Likiwa `pc`, linadai wigo kamili; mara nyingi utaona pia `yuvj420p` badala ya `yuv420p`, na hiyo herufi j ni ya JPEG. Likiwa `unknown`, lebo haipo, na hapo ndipo pa kuwa macho.

Nimesema "linadai" kwa makusudi, maana lebo inaweza kudanganya. Ili kujua ukweli, tafuta kitu unachokijua. Katika DaVinci Resolve, bofya klipu kwa kitufe cha kulia, fungua `Clip Attributes`, kisha badilisha `Data Levels` kutoka `Auto` kwenda `Full`, halafu uende `Video`, huku ukitazama suti na grafu ya mwanga. Kama kwenye `Full` mikunjo inajitokeza na mguu wa grafu unakaa kwenye sifuri, klipu ni ya wigo kamili. Kama kwenye `Full` picha inapauka, na grafu inaning'inia juu ya sifuri bila kugusa chini hata kwenye nywele na viatu vyeusi, basi ni ya wigo finyu, na ilikuwa sahihi kwenye `Video`. Klipu iliyopigwa mchana kwenye jua kali ndiyo bora kwa jaribio hili, kwa sababu ina nyeusi halisi na nyeupe halisi kwa pamoja.

Kuna alama nyingine ya faili lililokwisha kutanuliwa. Namba 220 za wigo finyu zikitandazwa kwenye nafasi 256, nafasi 36 hubaki bila mtu. Grafu ya mgawanyo wa mwanga ya picha kama hiyo huwa na mianya myembamba iliyopangika kwa umbali unaokaribiana. Ukiona mianya hiyo pamoja na mlundikano kwenye 0 na 255, umefika baada ya ajali.

Tiba inategemea kilichoharibika ni lebo au ni namba. Hapa ndipo watu wengi huongeza kosa juu ya kosa. Kama namba ni nzima na lebo ndiyo ya uongo, rekebisha lebo peke yake. Picha haiguswi na ubora haupungui hata chembe. Kwa klipu yetu ya ukumbini, ambayo ni ya wigo kamili lakini lebo yake ilidondoka:

```
ffmpeg -i harusi.mp4 -c copy -bsf:v h264_metadata=video_full_range_flag=1 harusi_lebo.mp4
```

Kwa video za H.265 neno `h264_metadata` hubadilishwa kuwa `hevc_metadata`. Hiyo inatosha kwa vichezeshi na programu zinazoiheshimu lebo. Bahati mbaya ziko zisizoiheshimu, zinazodhani kila video ni ya wigo finyu liwe liwalo. Kwa hiyo kazi inayokwenda kwa mteja, kwenye YouTube au kituo cha televisheni, ni heri igeuzwe yenyewe kuwa ya wigo finyu, namba na lebo kwa pamoja:

```
ffmpeg -i harusi.mp4 -vf "scale=in_range=full:out_range=limited,format=yuv420p" -color_range tv -c:v libx264 -crf 16 -c:a copy harusi_tv.mp4
```

Amri hii ifanyike mara moja tu. Ukiirudia juu ya faili ambalo tayari ni finyu, nyeusi itapanda kutoka 16 hadi 30 na nyeupe itashuka hadi 218, na hapo utakuwa umetengeneza upaukaji wa kudumu ambao hakuna lebo itakayouondoa. Nimekwisha kuona faili lililopitishwa hivyo na watu wawili tofauti, kila mmoja akidhani anasaidia.

Kuhusu kukimbilia kitufe cha kontrasti, ambacho ndicho wahariri wengi hukifanya wakiona picha imepauka, mimi nakikataa katika hatua hii. Ukiongeza kontrasti kwa jicho hutapata ule uwiano wa 255 kwa 219; utakaribia tu. Klipu inayofuata utaikaribia kwa namna nyingine, na ngozi ya bibi harusi itabadilika kila kamera inapobadilika. Zaidi ya hapo, ukija kugundua kwamba tatizo lilikuwa lebo, itabidi uondoe marekebisho yako yote.

Wakati mwingine faili halina hatia hata kidogo, na kosa liko kwenye waya. Kompyuta ndogo au mashine ya michezo iliyounganishwa na televisheni kwa HDMI inaweza kutuma wigo kamili wakati televisheni inasubiri wigo finyu, na kila kitu kikazama. Au kinyume chake, na kila kitu kikapauka. Utalitambua kwa jambo moja: kosa la waya halichagui. Picha za skrini ya mwanzo, kurasa za intaneti, video zote zitakuwa na kasoro ileile. Kwenye menyu ya televisheni tafuta maneno kama `HDMI Black Level`, `Black Level` au `HDMI video range`, na kwenye mashine ya michezo tafuta `RGB Range`. Pande zote mbili zikubaliane. Kwa televisheni ya sebuleni, `Limited` huku na huku, au `Auto`, hutosha. Usihariri rangi kwa kutazama televisheni ambayo hujaikagua hivi, maana utakuwa unatibu waya kwa kuiumiza video.

Tena si kila kupauka ni suala la wigo. Klipu iliyopigwa kwa mtindo wa logi hupauka kwa kukusudia, ikisubiri kupakwa rangi. Video ya HDR kutoka simu mpya, ikigeuzwa kuwa ya kawaida bila kushushwa mwanga kwa utaratibu wake, hutoka imekufa rangi huku nyeusi ikibaki karibu na nyeusi. Na nyekundu ikielekea chungwa bila weusi kusogea, hapo kuna mgongano wa kanuni za rangi za televisheni ya zamani na ya HD. Kipimo cha haraka ni weusi: kama nyeusi imesimama pale inapopaswa na nyeupe pia, acha kuulaumu wigo.

Biti 10 nazo hazikuimaliza habari hii. Namba huko ni 0 hadi 1023, na wigo finyu umehamia 64 hadi 940, yaani 16 na 235 zilezile zikizidishwa mara nne. Mila ya mwaka 1982 imo ndani ya televisheni za 4K zinazouzwa Kariakoo leo, na lebo ni ileile moja inayoweza kudondoka. Basi kabla ya kufuta klipu za harusi kwenye simu ili kupata nafasi, fungua faili ulilolitoa, simamisha picha kwenye suti nyeusi, na uhesabu mikunjo. Kama haipo, faili la simu ndilo pekee lililobaki nayo.